Mjamzito asiyebakiza hata maji tumboni: akilazwa anafanyiwa nini, na nini kinatangulia

*Swali: "Daktari, mke wangu ana mimba ya wiki tisa. Kwa wiki tatu sasa anatapika kila kitu, hata maji. Alikuwa na kilo 62, juzi kliniki wamempima 57. Walimtundikia dripu mbili za glukosi wakaturudisha nyumbani, siku ya pili yake akarudia vile vile. Ndugu wanasema ni mimba tu, avumilie. Je, anatakiwa kulazwa? Na wakimlaza watamfanya nini hasa? Naogopa dawa zisije zikamdhuru mtoto."*

Ndugu yangu, mpeleke leo. Kilo tano kati ya 62 ni asilimia nane ya uzito wake. Mpaka tunaoutumia wengi wetu kutenganisha kichefuchefu cha kawaida cha mimba na kutapika kulikopindukia ni asilimia tano ya uzito aliokuwa nao kabla ya kushika mimba. Kwa mkeo asilimia hiyo ni kilo tatu hivi, na ameshaivuka. Ukiongeza kwamba hata maji hayakai, hapo hatujadiliani tena kama alazwe au asilazwe.

Kabla hamjatoka nyumbani, muulize mara ya mwisho alikojoa lini na mkojo ulikuwa na rangi gani. Mtu aliyekaukiwa sana anaweza kukaa saa nane au zaidi bila kukojoa, na akikojoa hutoka mkojo kidogo, mzito, wa rangi iliyokolea. Kisha mtazame anavyosimama na kutembea. Kama anaona kizunguzungu akiinuka, hilo ni upungufu wa maji. Lakini kama anayumba akitembea, anaona vitu viwili viwili, macho yanachezacheza, au anajibu maswali kwa kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya aina nyingine kabisa, na nitaieleza mbele kwa sababu inahusiana na zile dripu mbili alizotundikiwa.

Kwa hao wanaosema avumilie, nitasema kidogo tu. Kichefuchefu cha kawaida humwacha mama ale kitu fulani saa fulani za siku, na uzito wake hautikisiki sana. Hali ya mkeo inaendeshwa na homoni. Kondo la nyuma hutoa homoni iitwayo GDF15, nayo huenda moja kwa moja kwenye sehemu ya ubongo inayoamsha kutapika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wanawake ambao miili yao ilikuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba ndio wanaoumia zaidi inapopanda ghafla, kwa kuwa hawakuizoea. Kwa hiyo habari za kwamba anadeka, au kwamba moyoni haitaki mimba, ziacheni.

Sasa tuje hospitalini. Pale mapokezi atapimwa uzito, mapigo ya moyo, na presha mara mbili, akiwa amelala na akiwa amesimama. Presha ikishuka sana anaposimama na moyo ukienda mbio, daktari ameshajua bila maabara kwamba maji mwilini yamepungua. Damu itachukuliwa kupima chumvi za mwili, hasa sodiamu na potasiamu, pamoja na figo, ini, sukari na wingi wa damu. Mkojo utapimwa kutafuta maambukizi, maana maambukizi ya njia ya mkojo peke yake yanaweza kumtapisha mjamzito. Mahali penye malaria, kipimo chake hakikosekani. Ultrasaundi itafanywa kuona kama mimba ipo mahali pake, kama ni pacha, au kama ni mimba zabibu, kwa sababu hizo mbili za mwisho zinajulikana kwa kutapisha sana.

Kuna kipimo kimoja kinachowapotosha watu, nacho ni ketoni kwenye mkojo. Kwa miaka mingi wahudumu walihesabu alama za kujumlisha kwenye kijiti kile: zikiwa tatu, mama alazwe, zikikosekana, arudi nyumbani. Siku hizi miongozo mikubwa imeachana na mtindo huo kwa sababu wingi wa ketoni hauendani na ukali wa ugonjwa. Ukiambiwa "ketoni hamna, hajambo", wajibu kwa upole kwa kutaja kilo alizopoteza, saa alizokaa bila kukojoa, na kwamba hata maji yanarudi. Hayo ndiyo yanayoamua.

Usishtuke pia majibu ya ini yakiwa yamepanda kidogo, au kipimo cha tezi ya shingo kikionyesha kama inafanya kazi kupita kiasi. Homoni ya mimba inafanana kiasi na ile inayoiamsha tezi hiyo, kwa hiyo tezi inachochewa kwa muda. Kama hakuwa na ugonjwa wa tezi kabla na hana uvimbe shingoni, kwa kawaida hahitaji dawa ya tezi, na vipimo hivyo hurudi sawa kutapika kukitulia.

Ninapotaka kukaa zaidi ni kwenye dripu, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika kirahisi na hapo ndipo nadhani mkeo alikosewa.

Anayetapika wiki tatu hapotezi maji matupu. Anapoteza chumvi pamoja na potasiamu. Dripu ya kwanza inayomfaa ni ya maji ya chumvi, ile inayoandikwa salini ya asilimia 0.9, kwa sababu inabaki kwenye mishipa kuliko ile ya glukosi na inarudisha chumvi iliyotoka. Dripu ya glukosi ya asilimia tano haifanyi kazi hiyo. Ikishaingia, mwili unaitumia ile sukari, na kinachobaki ni maji matupu yanayozidi kuizimua sodiamu iliyokwisha kupungua. Na sukari yenyewe si nyingi kama watu wanavyodhani. Chupa mbili za nusu lita zina gramu 50 tu, yaani hazizidi kalori 200. Kwa hiyo ile hoja ya "tumpe glukosi apate nguvu" haina uzito wowote mezani.

Kibaya zaidi ni vitamini B1, ambayo kitaalamu huitwa thayamini. Mwili hauna ghala kubwa la vitamini hii. Kilichohifadhiwa humtosha mtu wiki mbili hadi tatu tu kama hali chochote, na mkeo yuko wiki ya tatu. Vitamini hii ndiyo inayoiwezesha seli kuichoma sukari. Ukimmiminia sukari mtu ambaye B1 yake imekaribia kwisha, ile kidogo iliyobaki inatumika yote mara moja, na seli za ubongo, ambazo zinategemea sana sukari, zinaanza kufa. Matokeo yake ni ugonjwa wa ubongo unaoitwa ugonjwa wa Wernicke. Dalili zake ndizo nilizotaja mwanzo: macho kuchezacheza au kuona viwili, kuyumba, na kuchanganyikiwa. Si lazima zije zote tatu. Mara nyingi huja moja au mbili, na ukingoja zitimie umechelewa. Ukichelewa kutibiwa, mama anaweza kubaki na upotevu wa kumbukumbu wa kudumu.

Ndiyo maana mpangilio una maana kuliko wingi wa dripu. Sindano ya thayamini hutangulia, kisha maji ya chumvi yaendelee, na glukosi, kama itahitajika kabisa, ije baada ya hapo. Dozi ya kinga kwa mama anayelazwa na hali hii ni angalau miligramu 100 kwenye mshipa kila siku, hadi atakapoweza kumeza vidonge. Dalili za ubongo zikiwa zimeshaonekana, dozi hupanda sana, hadi miligramu 200 au 500 kwa mara moja, mara tatu kwa siku, na huanza papo hapo bila kungoja picha ya kichwa. Ni dawa ya bei ndogo na madhara yake ni machache mno, kwa hiyo sioni sababu ya daktari kuibania.

Kwa mkeo, aliyekwisha kupata glukosi, fanya hivi. Mwambie daktari atakayempokea kwa maneno haya: "Ametapika wiki tatu, juzi alipewa glukosi, sijui kama alipewa B1." Daktari anayeijua kazi yake ataelewa mara moja unachomaanisha. Chupa mbili hazimaanishi kwamba mambo yamekwisha haribika. Wengi hupita salama. Ila hali hiyo inafanya sindano ya B1 iwe kitu cha saa ya kwanza badala ya kesho.

Nikupitishe hatua kwa hatua jinsi siku zake zinavyoweza kwenda, tuseme majibu yake ya damu yamerudi hivi: sodiamu 131, wakati chini kabisa tunataka iwe kama 133 hadi 135, na potasiamu 2.9, wakati inatakiwa ifike angalau 3.5. Figo zinaonyesha amekauka lakini hazijaharibika. Ultrasaundi inaonyesha mtoto mmoja, moyo unadunda.

Saa ya kwanza anapewa thayamini, na lita ya kwanza ya salini inapita kwa saa moja mpaka mbili. Lita ya pili inawekewa potasiamu milimoli 40 na inapita taratibu, kwa saa nne, ili isizidi milimoli 10 kwa saa. Hapa usimharakishe muuguzi, wala usiifungue dripu iende mbio kwa kuwa unaona inachelewa. Potasiamu ikiingia kwa kasi inasimamisha moyo, ndiyo maana haichomwi kwa bomba la sindano kamwe. Lita ya tatu hufuata kwa saa sita hadi nane, nayo ikiwa na potasiamu. Kwa hiyo saa 24 za kwanza zinaweza kumeza lita tatu hivi, ambazo hurekebishwa kulingana na mkojo unavyotoka na vipimo vya damu vinavyorudiwa.

Sodiamu nayo ina sheria yake: isipande zaidi ya 8 hadi 10 kwa siku moja. Ikiwa 131 hilo si tatizo, inarudi yenyewe na salini. Lakini nimeshaona mama akija na 115, na hapo haraka ya kumrekebisha ndiyo inayoweza kumdhuru ubongo. Mtu wa namna hiyo hupimwa damu kila baada ya saa chache, na dripu hupunguzwa mwendo makusudi.

Siku ya pili asubuhi mkojo umeng'aa, mapigo ya moyo yametulia, lakini potasiamu bado ni 3.0. Kwa nini haipandi na ameshapewa milimoli 80? Mara nyingi jibu liko kwenye magnesiamu. Magnesiamu ikiwa chini, figo huendelea kumwaga potasiamu kadiri unavyoiongeza. Ikipimwa na kurudishwa, potasiamu hufuata. Ukiona siku mbili zimepita na namba ile ile inarudi, uliza tu kwa adabu kama magnesiamu imepimwa.

Wakati dripu zinaendelea, dawa za kuzuia kutapika huwa zimeshaanza. Kosa ninalolikuta sana wodini ni dawa kuandikwa "apewe akitapika". Akishatapika umechelewa. Dawa hizi hutolewa kwa saa, usiku na mchana, hata kama hajatapika tangu jana, na mwanzoni hutolewa kwa sindano au ya kuweka njia ya haja kubwa, kwa kuwa kidonge kitarudi kabla hakijayeyuka. Vitamini B6, peke yake au pamoja na doksilamini, ni nzuri kwa kichefuchefu cha wastani, lakini kwa hali iliyofika hapa haitoshi kuwa dawa pekee.

Kwa kawaida tunaanza na dawa za kundi la aleji ambazo pia hutuliza kutapika, kama saiklizini au promethazini. Promethazini humlaza sana, jambo ambalo kwa mama aliyekesha wiki tatu huenda likawa na heri yake. Zisipotosha, hatuziondoi tukaweka nyingine. Tunaongeza ya kundi tofauti, kwa sababu kila kundi linafunga mlango wake kwenye ubongo na tumbo.

Ya kuongeza mara nyingi ni metoklopramidi, miligramu 10 hadi mara tatu kwa siku, kwa siku zisizozidi tano. Kwenye mshipa inatakiwa ipitishwe polepole, dakika tatu au zaidi. Ikisukumwa haraka, au hata ikitolewa vizuri kwa wachache, hasa wasichana, unaweza kuona jambo la kutisha: shingo inajipinda upande mmoja, macho yanageukia juu, taya linakaza na mama anashindwa kuongea ingawa akili yake iko sawa kabisa. Ndugu hukimbilia kusema kapandwa na kitu. Ni dawa. Huachwa mara moja, anapewa sindano ya kuifungua, na ndani ya dakika chache hurudi kawaida. Tangu hapo liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki kwamba dawa hiyo asipewe tena.

Ya tatu ni ondansetroni, na hapa ndipo lilipo swali lako kuhusu mtoto. Ni dawa yenye nguvu na haimlevyi mama. Tafiti kubwa zimeonyesha kwamba ikitumika miezi mitatu ya mwanzo, watoto wanaozaliwa na mdomo sungura au kaakaa lililopasuka huongezeka kutoka kama 11 kwa kila watoto 10,000 hadi kama 14. Yaani ni watatu zaidi kwa kila elfu kumi. Ndiyo maana wengi wetu tunaiweka mstari wa pili, lakini hatuinyimi kwa mama ambaye za kwanza zimemshinda. Ina mambo mawili ya kuangalia. Inafunga choo vibaya sana, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze nayo siku hiyo hiyo. Na kwa mtu ambaye potasiamu yake iko chini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo potasiamu irekebishwe na kipimo cha umeme wa moyo kifanywe kama kuna wasiwasi.

Zote hizo zikishindwa kuna haidrokotisoni ya sindano, baadaye predinisoloni ya vidonge ambayo hupunguzwa kidogo kidogo. Hiyo ni ya mwisho, na daktari wa akina mama ndiye anayeamua, hasa kwa mimba changa kama ya mkeo.

Ukiuliza nini kinamtisha mtoto zaidi, dawa au ugonjwa, jibu langu ni kwamba akina mama wengi wanaolazwa na kutibiwa hujifungua watoto wazima wa uzito wa kawaida. Wanaonipa wasiwasi ni wale wanaoendelea kukonda miezi ikipita bila matibabu. Hao ndio wanaopata watoto wadogo kwa uzito au wanaozaliwa kabla ya siku. Dawa za kundi la aleji nilizozitaja zimetumika kwa wajawazito miongo mingi. Mama aliyekauka, mwenye sodiamu iliyoanguka na asiye na B1 yuko kwenye hatari kubwa kuliko hatari ya dozi yoyote niliyoiandika hapa.

Kuna sindano moja ambayo familia huikataa kwa sababu hazikuambiwa ni ya nini. Ni ndogo, huchomwa chini ya ngozi ya tumbo mara moja kwa siku, nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida enoksaparini. Mimba yenyewe inaifanya damu igande haraka, ukavu unaizidishia uzito, na kulala kitandani kunakamilisha shari. Bonge likijitengeneza mguuni linaweza kupanda mapafuni. Sindano ile inaishia kwenye ngozi ya mama na damu yake, haipiti kwenye kondo kwenda kwa mtoto. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akikosa pumzi ghafla, sema hapo hapo.

Kula kunaanza lini? Siku ya pili jioni au ya tatu, kutapika kukiwa kumepungua, na kunaanza kwa kunywa. Si kikombe. Ni vijiko viwili vya maji au kinywaji chochote anachokivumilia, kila baada ya dakika tano hadi kumi. Tumbo lililokaa tupu wiki tatu likipokea glasi nzima linairudisha yote, halafu kila mtu anasema dawa hazifanyi kazi. Kisha chakula kikavu kidogo kidogo, chochote ambacho roho yake inataka. Wiki hii si ya kuhubiri lishe bora. Vidonge vya madini ya chuma vinaweza kusimamishwa kwa muda, maana vinachefua, lakini foliki asidi iendelee kama inakaa.

Kama amekaa muda mrefu sana bila chakula, madaktari watapima pia fosfeti wakati anaanza kula. Mwili uliokuwa na njaa ukipata chakula kingi ghafla huinyonya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwa kasi, na mama anaweza kuishiwa nguvu na kupumua kwa shida, wakati ndugu wanafurahi kwamba leo amekula vizuri. Ndiyo maana sahani iongezwe polepole kwa siku kadhaa.

Wachache hawatulii pamoja na yote hayo, na uzito unaendelea kushuka. Hao huwekewa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni, au mbele zaidi kwenye utumbo, na kulishwa taratibu kwa huo. Haupendezi lakini ni salama kuliko kulishwa kwenye mshipa, njia ambayo huleta maambukizi ya damu na kuganda kwa damu, na tunaiweka kando mpaka mpira ushindikane.

Mkeo ataruhusiwa atakapoweza kubakiza maji na vidonge kwa takriban siku nzima bila dripu, na chumvi za mwili zikiwa zimetengemaa. Kupungua kwa mara za kutapika kunatosha. Tukingoja kichefuchefu kiishe kabisa atakaa wodini hadi mimba iwe kubwa. Hapa ndipo wengi hurudi baada ya siku mbili, kama ilivyomtokea, na sababu huwa ni moja: ameondoka na dripu tu, bila dawa ya kuendelea nayo. Aondoke na vidonge vya kuzuia kutapika vya kumeza kwa saa hata siku akijisikia nafuu, na thayamini ya vidonge, miligramu 50 mara tatu kwa siku, mpaka ale kawaida. Ulizeni pia kama hospitali hiyo inampokea mgonjwa kutundikiwa dripu mchana na kurudi nyumbani jioni. Kurudi kwa ajili hiyo mara mbili tatu ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, wala hakumaanishi kwamba matibabu yameshindwa.

Nyumbani mpime uzito mara mbili kwa wiki, mzani ule ule, na umtazame mkojo. Mrudishe akikaa saa 24 bila kubakiza kinywaji, mkojo ukikauka, uzito ukianza kushuka tena, au akitapika damu. Homa, maumivu makali ya tumbo, kichwa kinachouma sana au damu ukeni si sehemu ya ugonjwa huu, kwa hiyo msikubali viunganishwe nao bila kuchunguzwa.

Muulize pia hali ya moyo wake, uulize mkiwa wawili, ndugu wakiwa hawapo. Wanawake wengi katika hali hii hufika mahali pa kutamani mimba itoke, au wao wenyewe waondoke duniani, na wanaona aibu kulisema kwa sababu mimba ilitafutwa. Akikuambia hivyo, mpeleke kwa daktari na hilo kama unavyompeleka na kutapika. Mara nyingi hupungua makali dawa zikishika.

Kwa walio wengi wiki ya tisa mpaka ya kumi na mbili ndiyo kilele, halafu inaanza kulegea, na wengi wao huwa wametulia kufikia wiki ya 20. Wapo wachache wanaokwenda nayo hadi siku ya kujifungua. Na mkipanga mtoto mwingine, mjue kwamba ina tabia ya kurudi, kwa hiyo mwende kliniki mapema, dawa zianze siku kichefuchefu kinapoanza na si kilo zinapokuwa zimeshaondoka. Lakini hilo ni la baadaye. Kwa leo, chukua kadi yake ya kliniki, andika uzito wa zamani na wa sasa, tarehe ya zile glukosi, na majina ya dawa zote alizokunywa, mwende.